Je, Unachangia Pensheni ya Kutosha Kuchukua Sehemu Yote ya Mwajiri? Jinsi ya Kujua kwa Hati ya Mshahara na Kanuni za Mfuko Nchini Uingereza

Mtu anayeanza kazi Uingereza kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ghalani, hotelini au katika kampuni ya usafi huandikishwa kwenye mfuko wa pensheni wa kazini bila yeye kuomba. Sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 2012 inamtaka mwajiri amwandikishe kila mfanyakazi aliyetimiza miaka 22, ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali na anayelipwa zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Tangu Aprili 2019 mchango wa chini kabisa ni asilimia 8, na kati ya hizo mwajiri lazima atoe angalau 3. Wafanyakazi wengi huona makato hayo kwenye hati ya mshahara, wakaridhika kwamba mambo yako sawa, wasirudi tena kuyatazama.

Hata hivyo, wapo waajiri walioandika katika kanuni za mfuko wao kwamba mfanyakazi akiongeza mchango wake, nao wataongeza kiasi kilekile mpaka kikomo fulani. Huo ndio mchango linganifu wa mwajiri, na tabia yake kubwa ni kwamba hauji wenyewe: mfanyakazi asipoomba kiwango cha juu, mwajiri hubaki kwenye kiwango cha chini, na hatakuwa amevunja sheria yoyote. Mwongozo huu unamwezesha msomaji kujibu swali moja kwa karatasi alizonazo: je, ninachokatwa kinatosha kuchukua kila kitu ambacho mwajiri yuko tayari kutoa? Haumhusu anayefanya kazi NHS au halmashauri akiwa ndani ya mfuko wa umma, kwa kuwa huko pensheni hukokotolewa kwa mshahara na miaka ya utumishi, na mwajiri halinganishi chochote.

Karatasi unazohitaji, na maswali ya kuziuliza

Chukua hati za mshahara za miezi mitatu inayofuatana, na uhakikishe kwamba angalau mmoja ni mwezi wa kawaida, usio na likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi wala siku zisizolipwa. Mwezi wenye likizo hupotosha hesabu. Kwa mfano, mama aliye kwenye likizo ya uzazi yenye malipo hukatwa asilimia ya kile anachopokea wakati huo, ilhali mwajiri anatakiwa aendelee kuchangia kwa kutazama mshahara wake wa kabla ya likizo, kwa hiyo namba mbili zisizolingana katika mwezi huo si kosa.

Karatasi ya pili ni kanuni za mfuko. Kijitabu cha wanachama au ukurasa wa mfuko kwenye tovuti ya ndani ya kampuni kwa kawaida kinatosha, lakini mkataba wa ajira pekee hautoshi, kwa sababu mara nyingi husema tu kwamba mfanyakazi ataandikishwa kwenye mfuko kwa mujibu wa sheria. Ukikosa, iandikie idara ya rasilimaliwatu kwa barua pepe na uulize mambo manne bila kuzunguka. Mwajiri analinganisha mchango mpaka asilimia ngapi, na je, ni pauni kwa pauni au nusu pauni kwa kila pauni yangu? Asilimia hiyo inapigwa juu ya mshahara upi? Asilimia yangu inahesabiwa pamoja na nafuu ya kodi au bila hiyo? Na ninaruhusiwa kubadilisha kiwango wakati gani? Majibu yakiwa kwa maandishi, utakuwa na kitu cha kushika endapo hesabu itakuja kubishaniwa.

Swali la pili ndilo linalowakwamisha watu zaidi ya yote. Mshahara unaokatiwa pensheni si lazima uwe kila unachopokea. Mifuko mingine hutumia mshahara wa msingi peke yake na kuacha ovataimu, posho ya usiku na bonasi. Mingine hutumia malipo yote. Mingine tena hutumia kipande ambacho sheria imekitaja, yaani mapato kati ya pauni 6,240 na pauni 50,270 kwa mwaka, kiasi kwamba pauni 520 za mwanzo za kila mwezi hazihesabiwi kabisa. Kwa anayelipwa kila wiki nne kiasi hicho ni pauni 480, na kwa anayelipwa kila wiki ni 120. Asilimia 5 ya mfuko mmoja inaweza basi kuwa ndogo kuliko asilimia 5 ya mfuko mwingine, ijapokuwa mshahara ni uleule.

Kuisoma hati ya mshahara

Tuchukue mfano wa mhudumu wa wazee anayelipwa mshahara wa msingi wa pauni 2,200 kwa mwezi, ambaye mwezi huu amefanya ovataimu ya pauni 300. Mhudumu huyu ni wa kubuni, lakini mistari ya hati yake ni ya aina utakayoikuta kwenye hati nyingi. Kanuni za mfuko wake zinasema kwamba mshahara unaokatiwa pensheni ni wa msingi tu, kwamba mwajiri analinganisha pauni kwa pauni mpaka asilimia 7, na kwamba asilimia ya mfanyakazi inahesabiwa pamoja na nafuu ya kodi.

```
Basic Pay       2,200.00
Overtime          300.00
Taxable Pay     2,500.00
Pension EE         88.00
Pension ER        110.00
```

Herufi `EE` ni za mfanyakazi na `ER` ni za mwajiri. Mstari wa mwajiri mara nyingi huwekwa pembeni au chini kabisa ya hati, kwa sababu fedha hizo hazikatwi kwenye mshahara wako, na zipo hati zisizouonyesha kabisa. Usipouona, ingia kwenye akaunti yako ya mfuko, ambako michango ya mwajiri huorodheshwa mwezi kwa mwezi. Mstari wa `National Insurance` usiuchanganye na hii, kwani unahusu pensheni ya serikali na huduma nyingine za umma.

Kwa haraka mhudumu huyu angegawanya 88 kwa 2,200, akapata asilimia 4, kisha akashangaa kwa nini mwajiri anatoa pauni 110, ambazo ni asilimia 5. Angeweza hata kudhani kwamba mwajiri anamzidishia. Ukweli ni kwamba wote wawili wanachangia asilimia 5, na tofauti inatokana na jinsi kodi inavyorudishwa. Kwa hiyo, kabla ya kupiga hesabu yoyote, tambua kwanza mfuko wako unakata kwa njia gani.

Njia tatu za kukata, na alama ya kila moja

Alama iko kwenye mstari wa mapato yanayotozwa kodi, `Taxable Pay`. Ulinganishe na jumla ya malipo ya mwezi kabla ya makato.

Mapato yanayotozwa kodi yakiwa sawa na jumla ya malipo, kama ilivyo kwa mhudumu wetu, pensheni inakatwa baada ya kodi. Hapo mwajiri hukata asilimia 80 tu ya mchango wako, kisha kampuni inayoendesha mfuko hudai asilimia 20 iliyobaki kutoka HMRC, mamlaka ya kodi, na kuiweka kwenye akaunti yako. Pauni 88 zilizokatwa zinageuka 110 zikifika kwenye mfuko. Nafuu hiyo haionekani popote kwenye hati ya mshahara, jambo ambalo huwafanya wengi waamini kwamba wanachangia pungufu ya wanachochangia kweli.

Mapato yanayotozwa kodi yakiwa pungufu ya jumla ya malipo kwa kiasi kilekile cha mstari wa `Pension EE`, pensheni inakatwa kabla ya kodi. Nafuu umeshaipata kwa kutozwa kodi kidogo, na namba unayoiona ndiyo mchango mzima. Kwa mshahara huohuo na asilimia hiyohiyo, hati ingeonyesha 110 badala ya 88.

Njia ya tatu ni ya kuacha sehemu ya mshahara, ambayo kwenye hati huandikwa `Salary Sacrifice` au `SalSac`, mara nyingi ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Hapa mfanyakazi anakubaliana na mwajiri apunguziwe mshahara, na mwajiri anapeleka kiasi hicho kwenye mfuko kama mchango wake. Mstari wa mwajiri huonekana mnene kuliko ulivyo: ukisoma pauni 220, nusu yake inaweza kuwa mshahara wako mwenyewe ulioacha. Toa kwanza kiasi ulichoacha, na kinachobaki ndicho mwajiri anachotoa mfukoni mwake. Hakikisha pia kwamba asilimia inapigwa juu ya mshahara wa awali wala si ule uliopunguzwa, kwa sababu ikipigwa juu ya uliopunguzwa, mchango wa mwajiri nao unanyauka kila mwezi bila mtu kuona.

Hesabu yenyewe

Sasa mhudumu wetu anaweza kuanza. Kwa kuwa makato yake ni ya baada ya kodi, anagawanya kwanza kwa 0.80 ili apate mchango mzima, kisha anagawanya kwa mshahara unaokatiwa pensheni. Ovataimu anaiacha nje kwa sababu kanuni zimeiacha nje.

```
88.00 / 0.80      = 110.00
110.00 / 2,200.00 = 0.05
110.00 (ER) / 2,200.00 = 0.05
```

Anachangia asilimia 5, na mwajiri asilimia 5. Kikomo cha kanuni ni asilimia 7. Anaacha asilimia 2 ya mwajiri, yaani pauni 44 kila mwezi, sawa na pauni 528 kwa mwaka.

Akipanda mpaka 7, mchango wake mzima utakuwa pauni 154. Hati itaonyesha makato ya 123.20, yaani mkononi atapungukiwa na pauni 35.20 zaidi ya sasa. HMRC itaongeza pauni 8.80 juu ya ile nafuu anayoipata sasa, na mwajiri ataongeza 44. Kinachoingia kwenye mfuko kitatoka pauni 220 na kufika 308. Pauni 35.20 zake zinaleta pauni 88. Hii ndiyo namba ya kumwekea mezani mwenzi wa ndoa mnapopanga bajeti ya kodi ya nyumba na ya kutuma nyumbani, kwa sababu swali la kweli ni kama kaya inaweza kumudu hizo 35.20 kila mwezi.

Akipanda zaidi ya 7, ataendelea kupata nafuu ya kodi, lakini mwajiri atabaki palepale kwenye 154. Baada ya kikomo, kila pauni ya ziada inashindana na matumizi mengine kwa haki, na sioni sababu ya kumsukuma mtu mwenye deni la riba kubwa aongeze hapo. Kabla ya kikomo hali ni tofauti kabisa, kwani asiyechangia anakataa sehemu ya malipo ya kazi yake.

Hesabu ikitoa asilimia isiyoeleweka

Asilimia uliyopata ikiwa haimo kwenye jedwali la kanuni, kwa mfano 4.5, usikimbilie kudhani kwamba umedhulumiwa. Mara nyingi umegawanya kwa mshahara usio sahihi. Tuseme hati ya mhudumu huyu ingeonyesha makato ya pauni 79.20. Ukigawanya kwa 0.80 unapata 99, na 99 kwa 2,200 ni asilimia 4.5. Lakini chukua malipo yote 2,500, toa zile 520 za mwanzo, zinabaki 1,980, na 99 kwa 1,980 ni asilimia 5 kamili. Namba imekuambia yenyewe kwamba umewekwa kwenye kiwango cha chini cha sheria, kinachopigwa juu ya kipande cha mapato, na si kwenye ngazi ya kulinganishwa. Mstari wa mwajiri utathibitisha: asilimia 3 ya 1,980 ni 59.40. Ukiziona namba hizi mbili pamoja, fahamu kwamba hujaingia kwenye mpango wa kulinganishwa hata kidogo, na pengo lako ni kubwa kuliko la mhudumu wa mfano wetu.

Rudia hesabu kwenye hati ya mwezi wa pili na wa tatu. Ovataimu ikibadilika na makato yasibadilike, asilimia inapigwa juu ya mshahara wa msingi. Makato yakipanda na kushuka pamoja na ovataimu, basi ovataimu imo. Kipimo hiki kinasaidia sana pale ambapo kijitabu cha wanachama kimeandikwa kwa lugha ya kukwepa.

Kuomba kiwango cha juu

Ombi lipitie idara ya mishahara au tovuti ya mafao ya mwajiri, na litaje asilimia unayotaka ya mchango wa kawaida, unaolinganishwa. Hapa pana mtego ambao umewapotezea watu fedha. Programu ya simu ya kampuni inayoendesha mfuko huwa na kitufe cha kuweka pesa moja kwa moja kutoka benki. Pesa hizo zitaingia, na nafuu ya kodi zitapata, lakini hazikupitia kwenye mshahara, na kwa kawaida mwajiri hazilinganishi. Vivyo hivyo mchango wa ziada wa hiari, unaoandikwa `AVC` kwenye hati, katika mifuko mingi huwekwa kando na haulinganishwi. Mfanyakazi anaweza kuwa anachangia jumla ya asilimia 7, akiwa na 5 kwenye mstari wa kawaida na 2 kwenye `AVC`, na mwajiri akaendelea kulinganisha 5 tu.

Uliza pia mabadiliko yataanza lini. Mifuko mingine inaruhusu kila mwezi, mingine mara moja kwa mwaka. Baadhi ya waajiri wanaweka sharti la kumaliza kipindi cha majaribio kabla ya kulinganisha, na hata uandikishaji wa lazima unaruhusiwa kucheleweshwa hadi miezi mitatu. Miezi iliyokwisha kupita kwa kiwango cha chini haidaiki, isipokuwa uwe na ushahidi kwamba uliomba kiwango cha juu na hawakukutekelezea. Kwa hiyo, tunza nakala ya ombi lako pamoja na tarehe yake.

Wanaotumia njia ya kuacha sehemu ya mshahara wanaweza kukataliwa kwa sababu halali: malipo yanayobaki hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha mshahara, ambacho kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 21. Mhudumu wetu, kwa saa 37.5 za wiki, hufanya wastani wa saa 162.5 kwa mwezi. Akiacha asilimia 5 ya mshahara wa msingi, anabakiwa na 2,090, sawa na pauni 12.86 kwa saa, na hapo hakuna tatizo. Akiacha asilimia 7 anabakiwa na 2,046, ambazo ni kama 12.59 kwa saa, na mwajiri hawezi kukubali. Jibu la kukataliwa lisiwe mwisho wa mazungumzo. Omba kwamba kiasi kinachozidi, au mchango wote, kikatwe kwa njia ya kawaida badala ya kuacha mshahara, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba kitalinganishwa vilevile.

Jambo moja la kulipima mapema, hasa kwa anayepanga kurudi Mombasa au Dar es Salaam: pesa zikishaingia kwenye mfuko kwa kawaida haziguswi kabla ya umri wa miaka 55, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 umri huo utakuwa 57. Kuacha kazi au kuhama nchi hakuufungui mfuko, ingawa haki yako haipotei na pesa zinaendelea kuwa kwenye uwekezaji kwa jina lako. Jihadhari na yeyote anayeahidi kukutolea mapema kwa ada, kwa sababu utoaji usioruhusiwa hutozwa kodi inayoweza kufika asilimia 55.

Kuhakiki kwamba pesa zimefika

Hati ya mshahara inathibitisha kwamba umekatwa, haithibitishi kwamba pesa zimelipwa. Mwajiri anayelipa kwa njia ya kielektroniki anatakiwa awe amepeleka makato ya mwezi kwenye mfuko kufikia tarehe 22 ya mwezi unaofuata. Baada ya tarehe hiyo, ingia kwenye akaunti yako na ulinganishe mistari miwili na hati: mhudumu wetu, baada ya kupanda mpaka 7, anapaswa kuona 123.20 na nafuu ya 30.80, au 154 kwa pamoja, na chini yake 154 za mwajiri. Nafuu ya kodi inaweza kuchelewa wiki kadhaa kwa kuwa hudaiwa HMRC, hivyo kuikosa mwezi wa kwanza si tatizo.

Mstari wa mwajiri ukibaki 110 huku wako ukiwa umepanda, tatizo mara nyingi liko kwenye mfumo wa mishahara, ambamo asilimia yako na ya mwajiri huingizwa mahali pawili tofauti na moja ikasahaulika. Iandikie idara ya mishahara, ukiambatanisha hati, ukurasa wa kanuni unaotaja kikomo na ombi lako lenye tarehe, na udai walipe tofauti ya miezi yote tangu mabadiliko yaanze. Wasipojibu, huduma ya bure ya MoneyHelper hutoa ushauri kwa simu, malalamiko rasmi hupelekwa kwa Pensions Ombudsman, na kama makato yako hayajafika kabisa kwenye mfuko, taarifa hiyo ipelekwe kwa The Pensions Regulator.

Hesabu nzima irudiwe kila mshahara unapopanda, na pia mwajiri anapokuandikisha upya kwenye mfuko, ikiwa uliwahi kujitoa. Takriban kila miaka mitatu mwajiri hulazimika kuwaandikisha upya waliojitoa, na kwa kawaida mtu hurudishwa kwenye kiwango cha chini, hata kama zamani alikuwa amefikia kikomo cha kulinganishwa.